Sentensi moja kabla ya bango: tulivyoandika ahadi ya kampuni yetu ya hesabu Mombasa

Kazi yetu ni kuwawekea hesabu wenye maduka. Kabla ya bango, kipeperushi, ukurasa wa mtandao au hata maelezo ya WhatsApp, tulikubaliana kwamba hakuna atakayeandika chochote mpaka ipatikane sentensi moja inayosema mteja ni nani, nini kinamsumbua, tunamkabidhi kitu gani na siku gani. Naeleza hapa namna ilivyojengwa, kwa sababu wengi huanza na rangi za bango na kulitia maneno baadaye.

Sentensi ya kwanza inayomjia kila mtu wa fani hii ni hii: "Tunatoa huduma bora, za haraka na za bei nafuu za uwekaji hesabu kwa wafanyabiashara wadogo na wa kati." Ipime kwa kuigeuza. Kuna kampuni itakayojitangaza kwa huduma mbovu, za pole pole na za bei ghali? Hakuna, kwa hivyo maneno "bora", "haraka" na "nafuu" hayamwambii msomaji lolote. Halafu tazama "wafanyabiashara wadogo na wa kati". Hayo ni maneno ya benki na ya serikali. Pita Mtaa wa Biashara uulize nani ni mfanyabiashara wa kati uone kama kuna atakayeinua mkono. Mtu hujitambua kwa anachouza: mimi nauza leso, mimi nina duka la spea, mimi nina stoo ya nafaka Kongowea.

Ndiyo maana neno la kwanza la kuamua ni mteja, na ni lazima awe mmoja. Tulimchagua mwenye duka la leso na vitambaa ambaye mauzo yake ya mwaka yamezidi shilingi milioni 1 lakini hayajafika milioni 5. Mipaka hiyo hatukuibuni. Chini ya milioni 1 hadaiwi kodi ya mauzo, ile inayoitwa TOT, na akifika milioni 5 anatakiwa ajisajili kwa VAT, ambayo ni kazi nyingine kabisa yenye karatasi zake. Katikati hapo yuko mtu anayelipa TOT kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na tangu Julai 2023 kiwango ni asilimia 3 ya mauzo.

Baada ya mteja, tafuta anachokifanya sasa. Mshindani wako wa kweli mara nyingi si kampuni nyingine ya hesabu. Ni daftari, ni mpwa aliyesoma biashara, ni kijana wa saiba anayejaza fomu ya KRA kwa kiasi anachotajiwa. Kulijua hili usiulize "ungependa huduma ya hesabu?" Kila mtu atakwambia naam, kwa adabu tu, na hatalipa. Uliza jambo lililokwisha kutokea: "Ami, mwezi uliopita ulijuaje kiasi cha kodi cha kulipa?" Kisha omba uonyeshwe. Maduka manane hadi kumi ya aina moja yanatosha. Majibu yakianza kujirudia, umefika.

Daftari lenyewe lina habari kuliko maneno. Ukilifungua utakuta ukurasa wa kushoto ni mauzo ya siku kwa doti, bila tarehe mahali pengi, na wa kulia ni deni: "mama wa Kisauni doti 2, bado 600", kisha mstari juu yake alipolipa, na wakati mwingine mstari nusu kwa sababu alilipa nusu. Risiti za mzigo zimekunjwa katikati. Na pesa zilizoingia kwa tili hazimo daftarini hata kidogo, kwa kuwa "hizo ziko kwa simu". Hapo ndipo shida ilipo. Tili ni moja, na inapokea ya duka, ya chama na ya mtoto aliye Dubai anayechangia nyumba.

Tupige hesabu ya mwezi mmoja wa mfano. Taarifa ya tili inaonyesha zimeingia shilingi 340,000. Ndani yake 25,000 ni za chama na 15,000 ni za nyumbani, kwa hivyo mauzo yaliyopita kwa tili ni 300,000. Kijana wa saiba akichukua jumla ya taarifa, kodi itatoka 10,200. Ikichukuliwa mauzo pekee ni 9,000. Tofauti ni 1,200 kwa mwezi, inayolipiwa pesa ambayo haikuwa biashara. Upande wa pili nao usisahaulike: fedha taslimu ya kwenye droo haipiti kwa tili, nayo ni mauzo na lazima ihesabiwe. Mwenye duka hutaka usikie nusu ya kwanza na uisahau ya pili. Mwekaji hesabu anachukua zote mbili.

Sasa hapa ndipo sentensi nyingi za fani hii huharibika. Ukishaiona ile 1,200, mkono unakuwasha uandike "tunakupunguzia kodi". Usiandike. TOT hutozwa kwenye mauzo yote bila kuondoa kodi ya pango, mshahara wala bei ya mzigo, kwa hivyo hakuna matumizi ambayo utayapanga vizuri ndipo kodi ishuke. Unachoweza ni kutoa kile ambacho si mauzo, na mwezi ambao droo ilijaa taslimu, hesabu safi inaweza kuipandisha kodi badala ya kuishusha. Mwenye faida nyembamba anaweza kuomba atoke kwenye TOT aingie kodi ya mapato ya kawaida, lakini huo ni ushauri wa mtu mmoja mmoja, hauwezi kuwa ahadi ya bango. Isitoshe, sentensi hiyo huwaita wanaotaka kuficha mauzo, na ukishawapata hao utatamani usingewapata.

"Hutapigwa faini tena" nayo ina kasoro yake. Faini hutegemea mteja kulipa kwa wakati, na pesa ziko mfukoni mwake. Ahidi kile kinachotoka mikononi mwako tu. Kwetu ni karatasi moja yenye vitu vitatu: umeuza kiasi gani, nani ana deni lako, na kodi ya mwezi ni ngapi.

Kisha tarehe, ambayo ndiyo sehemu tuliyobishania zaidi. Wengine walitaka "kila tarehe 5" kwa sababu inasikika vizuri. Tarehe huamuliwa na kazi, si na sikio. Mteja anapewa mpaka tarehe 3 kutuma picha za daftari na taarifa ya tili. Kati ya tarehe 4 na 9, ukiondoa Jumapili, zinabaki kama siku tano za kazi za saa nane, yaani saa 40. Daftari la duka la leso, pamoja na kumpigia mwenyewe kuuliza "hii 600 ililipwa au bado?", huchukua kama saa mbili. Basi karani mmoja ana uwezo wa wateja 20. Ukiahidi tarehe 5 unabaki na siku moja au mbili, na karani huyo huyo hawezi kuzidi wateja wanane. Tarehe 10 inambakishia mteja siku kumi za kukusanya pesa kabla ya tarehe 20, na kwa mtu anayeuza kwa deni siku hizo zina maana, kwa sababu karatasi inamwonyesha pia wa kumpigia simu.

Vipande vyote vilipokaa, sentensi ikatoka hivi:

"Wewe mwenye duka la leso unayepokea pesa za duka na za nyumbani kwa tili moja, kila tarehe 10 tunakupa karatasi ya mauzo, wadeni wako na kodi ya tarehe 20."

Ni herufi 155 pamoja na nafasi, na urefu huo ulikusudiwa. Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160, kwa hivyo sentensi inaingia nzima bila kukatwa. Angalia tu alama unazoweka. Kistari kirefu, au alama za kunukuu zilizopinda ambazo kompyuta hujiwekea yenyewe, huubadilisha mfumo wa ujumbe na nafasi kushuka kutoka 160 hadi 70. Sentensi ile ile ya 155 hapo italipiwa kama jumbe tatu.

Kuijaribu hakuhitaji gharama. Nenda dukani saa ambayo hakuna mteja (si Ijumaa mchana, maduka mengi yamefungwa), isome mara moja, weka karatasi mfukoni na uzungumze mambo mengine. Baada ya dakika tano mwombe amweleze jirani yake unachofanya. Anachokikumbuka ndicho kinachobaki. Anachokiruka kila mara kinatafutiwa neno jingine. Kwetu neno "taarifa ya fedha" lilipotea kila mahali, na "karatasi" ikabaki. Sikiliza pia swali lake la kwanza. Akiuliza "bei gani?", ameelewa. Akiuliza "kwani nyinyi ni KRA?", umeitaja kodi mapema mno, na ndiyo sababu kodi iko mwisho wa sentensi. Akikwambia "hii ni ya fulani pale duka la tatu", amekupa sifa kubwa na mteja wa kumwendea.

Maandishi mengine baada ya hapo yalikwenda mbio, maana kila kipande cha sentensi kilikuwa na mahali pake. Pesa za duka na za nyumbani kwa tili moja ndiyo kichwa cha kipeperushi. Tarehe 3 na tarehe 10 ndizo maelezo ya WhatsApp ya jinsi ya kuanza. Picha ya ile karatasi, yenye majina ya mfano, ndiyo picha pekee ya ukurasa. Neno lolote lisiloweza kuonyesha limetoka kipande gani lilifutwa, pamoja na "suluhisho" na "wataalamu wenye ujuzi".

Tatizo lililobaki ni wenye maduka ya spea wa Makupa na mawakala wa mizigo wa bandarini, ambao huisoma na kusema haiwahusu. Ni kweli haiwahusu. Kishawishi ni kufuta "leso" na kuandika "duka lolote", na tukifanya hivyo mwenye leso naye ataacha kujiona. Mawakala wengi wako kwenye VAT na hati zao ni za forodha, kwa hivyo siku tukiwa na karani wa kuwahudumia wataandikiwa sentensi yao, yenye tarehe yake na karatasi yake. Kwa sasa akija mmoja tunamwambia wazi kwamba kazi yake bado hatujaianza.