Vipande saba na nukta sita: nilivyohakiki maandishi ya Kiarabu kabla mdogo wangu hajachorwa tatuu

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa kwamba nimwonyeshe picha mtu yeyote aliyesoma chuo cha Kurani, kwa kuwa "Kiarabu ni Kiarabu". Ushauri huo ulinipotezea siku mbili, na bado unaniudhi, kwa sababu unatolewa kwa ujasiri na watu ambao hawajawahi kuujaribu.

Mdogo wangu anaishi Arusha, nami niko Tanga. Mama yetu alikuwa na msemo aliourudia kila tulipobanwa: "Subira ni ufunguo wa faraja." Baada ya kumzika, mdogo wangu aliamua kuuchora msemo huo mkononi, na kwa kuwa aliwahi kusikia kwamba asili yake ni Kiarabu, alitaka uandikwe kwa herufi za Kiarabu. Mchoraji alimwandalia mchoro, akauchapisha karatasini, na mdogo wangu akaupiga picha na kunitumia akiwa na swali moja tu: je, hapa pameandikwa maneno ya Mama?

Mimi sijui Kiarabu. Nilimpelekea jirani yangu, mtu mzima ninayemheshimu sana, ambaye huisoma Kurani kila alfajiri kwa sauti nzuri. Aliitazama simu kwa muda mrefu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, kisha akaniambia kwa upole kwamba anaona herufi lakini haoni neno. Nilidhani macho yanamsumbua, kwa hiyo siku ya pili nikampelekea kijana wa duka la vitambaa aliyemaliza madrasa miaka michache tu iliyopita. Yeye alisoma jambo fulani kwa kusitasita, akasema "ni dua", na nusura niyapokee maneno yake. Baadaye ndipo nilipoelewa kilichowakwamisha wote wawili. Msahafu huchapishwa ukiwa na irabu zote, vile vistari na vialama vidogo juu na chini ya herufi, na anayejifunza kusoma kwa msahafu huzitegemea irabu hizo. Maandishi ya kawaida ya Kiarabu, kama ya magazeti na mabango, hayana irabu, na msomaji anapaswa kuijua lugha yenyewe ili azijaze kichwani. Kusoma kwa sauti na kuelewa ni elimu mbili tofauti, na tatuu inahitaji ya pili.

Lakini palikuwa na kasoro nyingine iliyotangulia hiyo, nayo iligunduliwa na mwalimu wa Kiarabu wa sekondari niliyeelekezwa kwake siku ya tatu. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, naye akaniambia waziwazi, "Mwanangu, tatuu dini yetu haituruhusu, lakini kusoma maandishi si dhambi. Hebu nione." Aliitazama picha kwa sekunde chache tu. "Haya hayasomeki kwa sababu si maandishi. Ni herufi zilizomwagwa."

Alinieleza jambo ambalo nalikariri hadi leo. Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na herufi zake hushikana mikono ndani ya neno. Kati ya herufi 28, sita tu haziishiki ile inayofuata: alifu, dali, dhali, re, ze na wau. Baadhi ya programu za kuchorea, zisipowekwa sawa kwa ajili ya Kiarabu, huziachanisha herufi zote na kuzipanga kuanzia kushoto kama tunavyoandika Kiswahili. Ndivyo ilivyokuwa kwenye ule mchoro. Neno la mwisho lilikuwa upande wa kulia kabisa, na kila herufi ilisimama peke yake. Mchoraji hakuwa na nia mbaya. Alinakili methali sahihi, lakini programu ikaivunja, naye hakuwa na jicho la kuona kwamba imevunjika.

Mwalimu aliandika msemo wenyewe kwa mkono kwenye daftari langu, nami nikauchapa kwenye simu baada ya kuongeza kibodi ya Kiarabu:

```
الصبر مفتاح الفرج
```

Hutamkwa *as-sabru miftahu al-faraj*. Neno la kwanza ndilo lililotupa subira, na la mwisho ndilo lililotupa faraja. Alinihakikishia pia kwamba hii ni methali ya Waarabu wala si aya ya Kurani, jambo lililonituliza, kwa kuwa sikutaka mdogo wangu awakwaze majirani zetu Waislamu.

Hapa ndipo nilipobuni njia ninayojivunia. Nilimwomba mwalimu anioneshe ni wapi herufi zinashikana na wapi zinaachana, kisha nikahesabu. Msemo mzima una herufi 15, lakini zikishikana inavyotakiwa, jicho huona vipande saba tu: viwili katika neno la kwanza, viwili katika la pili, na vitatu katika la tatu. Nukta zake ni sita: moja ya be katika neno la kwanza, moja ya fe na mbili za te katika neno la pili, na moja ya fe na moja ya jimu katika neno la tatu. Mtu asiyejua hata herufi moja anaweza kuhesabu vipande na nukta. Picha ya kwanza ilikuwa na vipande 15, na hesabu hiyo pekee ingetosha kuukataa mchoro. Nikaongeza alama ya tatu: neno la kwanza na la tatu huanza kwa alifu na lamu, mistari miwili iliyosimama wima, kwa hiyo mistari hiyo lazima ionekane kwenye ncha ya kulia ya kila moja ya maneno hayo. Ikionekana kwenye ncha ya kushoto, ama mpangilio umegeuzwa ama picha imepinduliwa.

Mchoraji aliurudia mchoro. Picha ya pili ilifika, nikahesabu vipande: saba. Nikahesabu nukta: tano. Nilirudia mara tatu, bado tano. Kwa kuwa picha zinazotumwa kwa WhatsApp hubanwa na kupoteza vitu vidogo, nilimwomba mdogo wangu aitume upya kama dokumenti badala ya picha, tena aipige kutoka juu, karatasi ikiwa mezani karibu na dirisha. Ilifika ikiwa safi kabisa, na nukta zikabaki tano. Iliyokosekana ilikuwa ile ya jimu, ambayo hukaa ndani ya tumbo la herufi. Mchoraji aliidhani ni doa la printa, akaifuta. Bila nukta hiyo, jimu huwa he, na neno *faraj* hugeuka *farah*, yaani furaha. "Subira ni ufunguo wa furaha" si maneno mabaya, lakini Mama hakuyasema.

Kabla hajairekebisha, mchoraji alimpa mdogo wangu wazo jipya: kwa nini asichore neno moja tu, lile la mwisho, kwenye kifundo cha mkono? Lingekuwa dogo na la bei nafuu. Mdogo wangu alilipenda, na mimi pia nililipenda, nikampelekea mwalimu picha nikidhani atajibu kwa neno moja. Alinipigia simu. Alisema neno hilo, likiwa ndani ya methali, kila Mwarabu hulisoma *faraj*, faraja, kwa sababu methali anaijua. Likisimama peke yake bila irabu, herufi zilezile zinasomeka pia *farj*, nalo ni neno la utupu wa mwanamke. Tofauti yote iko kwenye alama iliyo juu ya re: fat-ha, kile kistari kidogo kilicholala, hulifanya kuwa faraja, sukuni, kile kiduara, hulifanya kuwa lile lingine. Nilikaa kimya na simu sikioni kwa muda. Neno hilo lingekaa kwenye mkono wa mdogo wangu, katika kumbukumbu ya mama yetu, na kila mjuzi wa Kiarabu ambaye angemwona angelazimika kuchagua jinsi ya kulisoma. Tulirudi kwenye methali nzima siku hiyohiyo.

Sikuridhika na shahidi mmoja, hata kama ni mwalimu. Nina binamu anayefanya kazi Maskati, nikamtumia mchoro uliorekebishwa bila kumwambia unakusudiwa kusema nini. Sharti hilo nililishika kwa makusudi, maana ukimwambia mtu, "Hii inamaanisha subira, sivyo?" atatafuta subira mpaka aione. Nilimwandikia tu: "Tafadhali mwonyeshe mwenzako Mwomani, akuambie inasomekaje na inamaanisha nini." Jibu lilirudi likiwa sauti iliyorekodiwa, mzee wa Kiomani akiisoma methali yote kwa haraka, bila kusita, kisha binamu yangu akinifasiria kwa Kiswahili maneno yaleyale ya Mama. Kule kutositasita ndiko kulikonithibitishia kwamba mchoro sasa umekuwa maandishi. Wa mwisho kuuliza nilikuwa mimi mwenyewe: nilichapa kwenye simu kile ninachokiona pichani, herufi kwa herufi, badala ya kunakili kutoka daftarini, nikautafuta msemo huo mtandaoni ukiwa ndani ya alama za kunukuu. Waarabu wanauandika kila mahali, vilevile.

Kwa gharama, mwalimu alikataa malipo, nikampelekea sukari na majani ya chai. Vifurushi vya intaneti na simu sidhani kama vilizidi elfu kumi. Kitambo kirefu zaidi kilikwenda kwenye kusubiri majibu, kama wiki mbili hivi.

Siku ya kuchora, mdogo wangu alinitumia picha akiwa tayari amekaa kitini, na moyo wangu ulishtuka: alifu na lamu zilikuwa upande wa kushoto. Nilimpigia nikamwambia asimame. Mchoraji akachukua simu, akanieleza kwa subira kwamba picha ile ilikuwa ya karatasi ya stensili, upande wenye wino wa zambarau ambao hugandamizwa kwenye ngozi, na kwamba upande huo ni lazima uwe kinyume ili ukishabandikwa usomeke sawa. Alikuwa na haki. Nilimwomba aibandike, asiguse sindano, anipigie picha ya ngozi yenyewe, tena kwa kamera ya nyuma ya simu, kwa kuwa ya mbele huweza kuigeuza picha kama kioo.

Picha ilifika. Alifu na lamu zilikuwa kulia. Nilikuza kila neno, nikahesabu kwa sauti huku mdogo wangu akinisikiliza upande wa pili wa simu: vipande viwili, viwili, vitatu; nukta moja, tatu, mbili. Nukta ya jimu ilikuwa ndani ya tumbo lake. Nikamwambia, "Sasa mwambie aanze."