Kiporo cha wali: tunavyokihifadhi na kukipasha nyumbani

Kwetu Dar es Salaam wali wa usiku huliwa asubuhi kwa chai. Mama mkwe wangu alizoea kuuacha jikoni ndani ya sufuria, umefunikwa, kisha kukipasha hicho kiporo mpaka kitoe moshi. Nilipomwambia una hatari, akanijibu, "Mwanangu, moto unaua kila kidudu."

Bakteria wengi moto unawaua. Shida ni sumu yao. Mchele huja kutoka shambani na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye hujifungia ndani ya ganda gumu, na ganda hilo linaweza kustahimili maji yanayochemka. Wali ukiiva, bado yumo. Ukiwa vuguvugu kwa saa nyingi anaamka, anazaana, na aina fulani hutoa sumu inayotapisha. Sumu hiyo imepimwa ikastahimili nyuzi joto 121 kwa dakika 90, joto ambalo sufuria ya kawaida haifikii. Aliyeila huanza kutapika ndani ya nusu saa hadi saa 6. Na wali wenyewe huenda usichache wala usiteleze, kwa hiyo kuunusa hakusaidii.

Maelezo hayakumtosha mama. Usiku mmoja, vyombo vimeshaoshwa, nikamwomba achimbe wali kwa mwiko. Juu ulikuwa umepoa kabisa, lakini katikati bado ulikuwa na joto. Akaushika, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Sasa tufanyeje?"

Tukaanza na kupoza. Tukimaliza kupakua, wali uliobaki tunautandaza kwenye sinia safi, unene wa vidole viwili hivi, tunaufunika kwa kawa na kuuweka penye upepo. Ndani ya saa moja unakuwa kwenye vyombo vifupi ndani ya friji. Sufuria nzima haiingii, maana hata humo katikati huchelewa kupoa. Friji iwe chini ya nyuzi 5, na wali uliwe kesho yake.

Asubuhi natoa wa kuliwa tu. Nanyunyiza maji kidogo, nafunika, naweka moto wa wastani na kugeuza mpaka mvuke utoke hadi katikati. Sipimi joto kwa kugusa ukingoni, kwa sababu huko hupata moto kwanza. Ukishapashwa mara moja, unaobaki haurudi kwenye friji.

Umeme ukikatika usiku hatufungui friji, maana ikiwa imefungwa hutunza ubaridi kwa takribani saa 4. Ukizidi hapo, wali tunautupa. Hilo lilimuuma sana mama, na namwelewa, mchele ni ghali. Dawa aliipata mwenyewe: siku hizi anapima mchele kwa kikombe kabla ya kuosha, na umeme ukiwa wa mashaka anapunguza kabisa, asubuhi tunakula viazi vitamu.