Kiporo cha mzunguko wa 16

Ligi yetu ilikuwa na timu 10, kwa hiyo mizunguko 18, na mvua ilitukuta kwenye mzunguko wa 16. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya mashindano. Kazi hiyo kwa nje inaonekana ni ya kupanga ratiba, lakini ukiifanya msimu mmoja unajua kwamba ratiba hupangwa mara moja, kisha mwaka mzima unaitetea.

Mchezo ulikuwa Jumamosi tarehe 10, saa 10 jioni. Mvua ilianza Alhamisi usiku, ikanyesha Ijumaa nzima, ikakatika Jumamosi alfajiri. Wageni walitakiwa kuondoka kwao saa 5 asubuhi, na hiyo saa 5 ndiyo iliyonikimbiza. Uwanja ukikataliwa saa 9 alasiri timu imeshafika, imekula gharama ya safari na haina pa kuipeleka hasira yake isipokuwa kwa katibu. Nikamwomba mwamuzi aje kukagua saa 3.

Tulikuwa wanne: mwamuzi, kamishna wa mchezo, mtunza uwanja na mimi. Kwa macho tu ungesema uwanja unachezeka. Katikati majani yalikuwa yamesimama na maji yalishajificha. Mwamuzi akaushika mpira usawa wa bega lake, akauachia, ukadunda vizuri tu. Tukasogea hadi goli la upande wa chini. Pale akarudia kitendo kilekile, na mpira ukatua ukanata kama umetupwa kwenye unga uliokandwa. Akauweka kwenye alama ya penalti, akausukuma taratibu kuelekea golini. Ulikwenda hatua mbili, ukasimama.

Mtunza uwanja hakushangaa. Mbele ya goli ndiko makipa na mabeki wanakokanyaga msimu wote, majani yanaisha, udongo unashindiliwa na kuzama kidogo, hivyo maji ya kiwanja kizima yanakimbilia hapo na hayana njia ya kushuka. Akatushikisha mlingoti wa goli. Ulicheza mkononi. Ardhi ilikuwa imelegea kwenye shina lake, na mlingoti wa goli ukimwangukia mchezaji, hilo si jambo la kuandikia barua.

"Mzee wangu, maji haya yataondoka lini?" nikamuuliza.

"Maji yataondoka kesho, Katibu. Tope ndilo litakalobaki. Likipata jua, hesabu siku tatu au nne. Lisipopata, usinihesabie."

Meneja wa wenyeji alifika tukiwa bado pale, akiwa na vijana wenye ndoo na mifagio. Alitaka wayachote maji na kumwaga mchanga. Namwelewa, maana timu yake ilikuwa kwenye kasi nzuri na hakuna anayependa kasi ikatwe. Lakini kuchota kunaondoa maji ya juu tu, udongo chini unabaki umeshiba. Na mchanga mwembamba juu ya mfinyanzi unafunika tatizo usilione, mpaka mchezaji aweke mguu na kuteleza. Mwamuzi akamjibu kwa upole kwamba angeweza kuanzisha mchezo na akalazimika kuuvunja dakika ya 30. Mchezo uliovunjwa ni kesi nyingine kabisa: sheria ya 7 ya mpira wa miguu inasema unarudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano au waandaaji waamue vinginevyo, na hapo ndipo watu huanza kubishania mabao yaliyokwisha kufungwa. Mchezo ambao haujaanza unaahirishwa tu.

Uamuzi ukatoka saa 3:40. Nikawapigia simu mameneja wote wawili kwanza, wageni wakiwa wa mwanzo, kisha nikakaa kuandika.

Sehemu ya juu ya taarifa haina ugumu: namba ya mchezo, timu, tarehe na saa ya awali, nani alikagua na saa ngapi, na sababu. Sababu niliiandika kwa kile tulichokiona, si kwa "hali mbaya ya hewa": "Maji yamesimama ndani ya eneo la penalti la goli la kusini, mpira haudundi wala hauviringiki, na mlingoti mmoja wa goli umelegea." Hali ya hewa saa 4 ile ilikuwa jua kali. Mtu angesoma "hali mbaya ya hewa" huku anatoa jasho, akaanza kutafuta njama.

Kazi ilikuwa kwenye tarehe.

Mzunguko wa 17 ulikuwa Jumamosi tarehe 17 na wa 18 Jumamosi tarehe 24. Wa mwisho kwetu huanza saa ileile kwenye viwanja vyote, ili timu yoyote isiingie uwanjani ikijua matokeo ya mwenzake. Kwa hiyo kiporo kilipaswa kuliwa kabla ya tarehe 24. Kanuni yetu ilitaka saa 72 kati ya mchezo na mchezo. Hatukuwa na taa, hivyo hata katikati ya wiki ni lazima kuanza saa 10: dakika 90, mapumziko 15, na nyongeza, tayari unagusa saa 12 na giza liko mlangoni.

Ukizipitisha siku kwenye chujio hilo, zinabaki chache. Jumapili tarehe 11 ilikataliwa na tope. Jumatano tarehe 14 ilifaa, kwani kutoka saa 10 ya Jumatano hadi saa 10 ya Jumamosi ni saa 72 kamili. Baada ya mzunguko wa 17, Jumanne tarehe 20 ilifaa, na Jumatano tarehe 21 pia. Nikaandika zote tatu kwa mpangilio huo, nikaongeza sentensi ambayo baadaye ilinilinda: "Kila timu ijibu kwa maandishi kabla ya saa 10 jioni Jumatatu tarehe 12. Timu zikikubaliana tarehe moja, hiyo ndiyo itakayotumika iwapo uwanja utapita ukaguzi siku moja kabla. Zisipokubaliana, mchezo utachezwa tarehe ya kwanza kati ya hizi ambayo uwanja utapita ukaguzi huo. Timu zinaalikwa kutuma mwakilishi mmoja mmoja kwenye kila ukaguzi."

Kamishna aliona nimeandika kirefu. "Waambie tu Jumatano, Katibu, mambo yaishe." Ningefanya hivyo kama nisingekuwa na orodha ya kadi mezani. Mshambuliaji tegemeo wa wageni alikuwa na kadi tatu za njano, na adhabu yake ya mchezo mmoja ilikuwa itumikiwe Jumamosi ileile iliyoahirishwa.

Saa 6 meneja wao akapiga. "Katibu, yule kijana wetu si ameshatumikia leo?"

"Hapana, Meneja. Leo hakuna mchezo uliochezwa. Adhabu inahesabiwa kwenye mchezo unaofuata kuchezwa, haijalishi namba yake."

Akanyamaza kidogo. Nilijua anapiga hesabu, maana mimi nilishaipiga. Kiporo kikichezwa tarehe 14, kijana anakikosa, kisha anarudi tarehe 17. Kikichezwa tarehe 20, mchezo unaofuata kuchezwa unakuwa ule wa tarehe 17, anaukosa huo, na kwenye kiporo yumo. Tarehe 17 wageni walikuwa nyumbani dhidi ya timu inayoburuta mkia. Mtu yeyote mwenye akili angechagua kumkosa siku hiyo.

Nikaiingiza hoja ya kadi kwenye taarifa kabla haijatoka, wazi, bila kutaja jina la mchezaji: "Mchezaji mwenye adhabu ataitumikia katika mchezo unaofuata kuchezwa na timu yake." Kuna makatibu wanaoona jambo hilo ni la kamati ya nidhamu, lisichanganywe na taarifa ya kuahirisha. Mimi naona ukiliacha nje, timu moja italigundua na nyingine haitaligundua, na hiyo si haki.

Majibu yakaja kama nilivyotarajia. Wenyeji walitaka tarehe 14, wakisema wachezaji wao wana kazi na masomo wiki inayofuata. Wageni walitaka tarehe 20, wakisema safari ya katikati ya wiki hii hawakuipangia fedha. Sababu zote mbili huenda zilikuwa za kweli. Hakuna aliyetaja mshambuliaji. Makubaliano hayakuwepo, basi tukarudi kwenye sentensi yangu.

Jumanne tarehe 13 tulirudi uwanjani. Safari hii wawakilishi wa timu walikuwapo, wenyeji wakiwa wamemtuma nahodha wao. Jumapili jua lilikuwa limewaka, Jumatatu mawingu. Maji hayakuonekana popote, na mbele ya goli la kusini palikuwa na ngozi kavu yenye nyufa ndogo. Nahodha akafurahi. "Si mnaona? Pamekauka."

Mwamuzi hakubishana naye. Alimwomba asimame pale kwa njumu zake, azungushe kisigino kama anayetaka kugeuka na mpira. Ile ngozi ikapasuka, mguu ukazama hadi kwenye kamba za njumu, na alipoutoa, shimo likaanza kujaa maji taratibu. Mlingoti ulikuwa bado unacheza. Mtunza uwanja akaongeza kwamba mchezo mmoja juu ya udongo wa namna ile ungeacha mashimo ambayo yakikauka yanakuwa magumu, na mzunguko wa 18 ungechezwa juu yake.

Nahodha akatia saini fomu ya ukaguzi mwenyewe. Jioni ile nikatuma taarifa ya pili, fupi: uwanja haukupita, mchezo ni Jumanne tarehe 20 saa 10 jioni, ukaguzi Jumatatu tarehe 19, waamuzi ni walewale.

Meneja wa wenyeji alinipigia akiwa amewaka. Alisema tumewapa wageni mshambuliaji wao. Nikamwuliza kama ameongea na nahodha wake. Alikuwa hajaongea naye. Hakupiga tena.

Kufikia tarehe 19 mtunza uwanja alikuwa amechimba mfereji mdogo nyuma ya goli, akaurudishia mlingoti udongo na mawe na kuushindilia, akapitisha rola mara tu udongo ulipoacha kushika kwenye kiatu. Mpira ukadunda pale mbele ya goli, chini kuliko katikati, lakini ukadunda. Mwamuzi akaridhika.

Mchezo ulichezwa. Wenyeji walishinda 2–1, na bao la wageni lilifungwa na yule mshambuliaji. Rufaa haikuletwa na upande wowote, na tarehe 24 viwanja vyote vitano vilianza saa 10 kama ratiba ilivyosema.