Kamba ya Baba Mdogo

Mwaka 2006 nilikuwa kidato cha tatu, Kigoma mjini. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa insha ya alama 15, kichwa chake "Siku ambayo sitaisahau", akatwambia kuwa matumizi mazuri ya lugha yana alama zake. Mimi nilisikia neno moja tu: methali. Nyumbani nilikuwa na daftari dogo ambalo nilijaza methali na nahau tangu darasa la sita, na nikaona siku ya kulifaidi imefika.

Kisa nilikuwa nacho, tena cha kweli. Baba mdogo wangu alikuwa mvuvi wa dagaa pale Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa sababu taa hazikusanyi samaki maji yote yanapong'aa. Siku za giza ndiyo kazi. Usiku mmoja wa kiangazi walikuwa mbali na pwani, karabai zinawaka, wavu umeshashushwa, upepo wa kutoka kusini ukaanza ghafla. Wavu ukajaa maji na kuvuta mtumbwi ubavu. Baba mdogo akachukua kisu, akakata kamba, wavu ukazama, wao wakarudi salama alfajiri. Mimi nilikuwa pwani na mama, tunawasubiri.

Niliandika kurasa mbili. Ndani yake niliweka methali tisa, na nahau ambazo hata sikuzihesabu. Nilianza na "Wahenga hawakukosea waliponena", nikaendelea hivyohivyo karibu kila aya.

Siku ya kurudishiwa madaftari mwalimu aliniita mezani kwake, kwa sauti ya chini.

"Pole sana," akasema. "Baba yako mdogo alifariki lini?"

Nikashtuka. "Hajafariki, Mwalimu. Jana jioni tulikuwa naye."

Alifungua daftari langu na kuweka kidole kwenye mstari. Nilikuwa nimeandika: "Baba mdogo alikata kamba." Kukata kamba ni nahau ya kufa, na yeye alikuwa amesoma hivyo. Mistari minne mbele akamkuta marehemu amekaa jikoni anakula ugali, akarudi nyuma kusoma tena. Nilijitetea kuwa pale sikutumia nahau, nilimaanisha kamba yenyewe ya katani. Jibu lake nimelibeba mpaka leo: "Najua sasa. Lakini umenizoesha nahau kila sentensi, nikaacha kuamini kwamba kuna neno lako lenye maana yake ya kawaida."

Watu wengi hudhani ubaya wa kurundika methali ni kuchosha tu. Kuchosha ni sehemu ndogo. Aya ya juu nilikuwa nimeandika "maji yalimfika shingoni", nikimaanisha alifikwa na shida kubwa, katika kisa cha mtumbwi unaoelekea kupinduka ziwani! Msomaji atajuaje kama mtu yumo ndani ya maji au yumo taabuni? Nahau inayozungumzia kitu kilekile kilichopo kwenye kisa huweza kukiangusha.

Mwalimu hakunipa alama siku ile. Alinirudishia daftari niiandike upya, baada ya kunipitisha kwenye methali zangu moja moja. Njia yake ilikuwa rahisi: funika methali kwa kidole, soma sentensi iliyo kabla yake na iliyo baada yake. Kama kisa kinaendelea bila pengo, methali haina kazi pale, ifute. Tulifunika "Dalili ya mvua ni mawingu". Hakuna kilichopungua, na isitoshe usiku ule haukuwa na mvua, ulikuwa na upepo. Tulifunika "Haba na haba hujaza kibaba". Hakuna kilichopungua. Katika aya moja nilikuwa nimesema "Mvumilivu hula mbivu" na hapohapo "Ngojangoja huumiza matumbo", yote mawili kuhusu mama anayesubiri pwani. Akaniuliza mama yangu alikuwa na imani ipi kati ya hizo mbili usiku ule. Sikuwa na jibu. Zote mbili zikafutwa, na mahali pake nikaandika alichofanya mama kweli: alitandika kanga mchangani akakaa akitazama taa za ziwani, akizihesabu.

Ilibaki methali moja. Asubuhi yake bibi alimwambia baba mdogo, ambaye alikuwa akiulilia wavu wake, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Mwalimu aliifunika kwa kidole, akasoma, akakiondoa. Hii ilikuwa na kazi. Koleo ni chombo cha mhunzi cha kushikia chuma cha moto; wavu ni chombo cha mvuvi. Kilichopotea ni chombo, ufundi umebaki, na wiki iliyofuata baba mdogo alirudi ziwani na wavu wa kuazima. Bila sentensi ya bibi, msomaji asingejua kilichomwinua. Tena alinishauri niiache mdomoni mwa bibi, nisiweke "wahenga walisema". Mzee akishasema mwenyewe, wahenga wa nini tena?

Kwenye nahau alinifundisha jambo ambalo sikulikuta katika kitabu changu chochote. Nahau nyingi zimekauka, huwezi kuzichezea viungo. "Alikata kamba" ni kufa, lakini "aliikata kamba", ukiweka ile -i- ya kamba, ni kamba kweli. "Alivaa miwani" msomaji anaweza kuelewa kuwa alilewa. "Aliivaa miwani yake" ni miwani ya macho. Basi nikitaka maana ya kawaida, niweke hicho kiambishi na nitaje kifaa. Sentensi ikawa: "Baba mdogo akachomoa kisu, akaikata kamba ya wavu."

Nahau tatu nilizibakiza. Mama alipiga moyo konde, wavuvi walifua dafu wakati wenzao walishindwa, na mtumbwi ulikwenda mrama. Ya pili mwalimu aliikataa baadaye, akisema kufua dafu hukaa vizuri zaidi kwenye kukanusha, hakufua dafu, nami nikaiondoa. Ile ya mrama aliipenda sana. Sisi husema mambo yamekwenda mrama yanapoharibika, lakini mrama kwa asili ni kule kuyumba kwa chombo majini, ubavu huu na ubavu ule. Pale kwenye mtumbwi wa baba mdogo, neno lilikuwa limerudi nyumbani kwake, na maana zote mbili zilikuwa za kweli kwa wakati mmoja. Ndiyo tofauti yake na yale maji ya shingoni: huku msomaji akichukua maana yoyote hapotei.

Insha ya pili ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, methali moja, nahau mbili. Nilipata 12.

Jumapili nikaenda nayo Kibirizi. Baba mdogo alikuwa anageuza dagaa kwenye kichanja. Nilimwamkia, nikamsomea nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye kamba alinyanyua mkono akanisimamisha, akaacha dagaa, akanionyesha kwa mkono wa kulia jinsi alivyoikata. Aliikata mara mbili, akasema, kwa sababu mara ya kwanza kamba ilikuwa imelowa na kisu kikateleza. Hilo sikuwa nalo kwenye insha. Nikatoa kalamu, nikaliandika pembeni.