Sentensi moja kuhusu miezi 14 niliyokuwa nje ya kazi

Usaili wa kwanza baada ya kupona niliuharibu mwenyewe. Usiku mzima nilikuwa nimepitia mambo ya uhasibu, lakini swali nililojua kabisa litakuja sikuliandalia jibu: "Naona hapa kuna pengo la zaidi ya mwaka. Ulikuwa wapi?"

Nikaanza, "Niliumwa..." Mama aliyekaa katikati akasema, "Pole sana, mwanangu."

Pole ile ndiyo iliyoniponza. Ilitoka moyoni, nami nikajiona nina deni la kumweleza. Nikamwaga yote: vipimo, kulazwa, dawa zilizobadilishwa mara mbili, hadi usiku ambao sikupata usingizi. Kijana wa rasilimali watu akaacha kuandika, kalamu ikabaki hewani. Nilipozinduka, dakika 10 kati ya 40 zilikuwa zimekwenda, na maswali yaliyofuata yalikuwa "Bado unatumia dawa?" na "Ukizidiwa ukiwa kazini je?" Kufunga hesabu za mwezi hakuna aliyeniuliza. Sikuitwa tena.

Nyumbani nikakaa na daftari. Jaribio la kwanza lilikuwa hivi: "Kwa bahati mbaya nilipata matatizo makubwa ya afya yaliyonilazimu kuacha kazi." Nikalisoma kama vile mimi ndiye msaili. "Kwa bahati mbaya" inaomba pole. "Makubwa" inamfanya mtu ajiulize makubwa kiasi gani. Na sentensi nzima inaishia kwenye ugonjwa, wakati msaili kwa kawaida hudaka kile ulichomalizia. Nikafikiria kusingizia mambo ya kifamilia, nikaacha. Bosi wangu wa zamani alikuwa mdhamini wangu, angepigiwa simu, na maneno yetu yasingelingana.

Baada ya kufutafuta nikabaki na hii:

"Nilisimama kazi kwa miezi 14 kushughulikia suala la afya, suala hilo limekwisha, na tangu mwezi wa tatu nimekuwa nikifunga hesabu za biashara mbili ndogo."

Neno "suala" nililichagua kwa sababu halina uzito wa "ugonjwa" na bado si uongo. Muda niliutaja mwenyewe ili asiupigie hesabu mbele yangu. "Limekwisha" niliitumia kwa kuwa kwangu ni kweli. Rafiki yangu ambaye bado anahudhuria kliniki yeye husema "limedhibitiwa na halinizuii kufanya kazi hii", na hapo ndipo mtu asijidanganye. Mwisho kabisa nikaiweka kazi, ili anayetaka kuuliza aulize kuhusu hizo biashara.

Kisha nikampigia bosi wa zamani. Ni mtu wa huruma, na huruma yake ndiyo niliyoihofia. "Bosi, wakikuuliza, sema tu nilisimama kwa sababu za afya na kwamba kazi yangu ilikuwa nzuri. Mengine yaache." Akakubali, ingawa alitaka sana kuwaeleza nilivyopambana.

Nilijirekodi kwa simu nikiisema sentensi hiyo. Mara ya kwanza nilikuta nimepita kwenye "suala la afya" mbio mbio kama mwizi, na mkimbio ule ungemwambia msaili kuna kitu kimefichwa. Nikarudia hadi mwendo ukawa mmoja mwanzo hadi mwisho, kama sekunde 10 hivi. Kigumu kuliko yote kilikuwa kunyamaza baada ya nukta.

Usaili wa pili, swali lilelile. Nikasema sentensi yangu, nikafunga mdomo.

"Oh, pole sana."

"Asante, nimeshapoa."

Sote tumekuzwa na jibu hilo, na sijui kwa nini mara ya kwanza sikulikumbuka. Linapokea pole na kuifunga hapohapo. Hata hivyo, mzee mmoja pembeni hakutosheka: "Lilikuwa suala gani, kama si vibaya kuuliza?"

Hilo pia nilikuwa nalo. "Mzee wangu, naomba hilo libaki kati yangu na daktari. Kwa upande wa kazi, hakuna kitakachonizuia." Nililisema kwa tabasamu, bila kuongeza neno. Akatikisa kichwa kukubali, na mwenzake akauliza hizo biashara mbili zilikuwa zikitumia mfumo gani wa hesabu. Tulizungumzia mfumo huo robo saa nzima.

Baada ya kupewa kazi nilitumwa kupimwa afya. Huko sikutumia sentensi yangu: daktari alipouliza nilimjibu kila kitu kwa ukweli, maana kumficha daktari ni jambo jingine kabisa. Karatasi iliyorudi kwa mwajiri ilikuwa na jina langu, tarehe, na neno "Anafaa".