Jinsi tulivyoufanya wasifu wangu ujibu tangazo la kazi
Nilikuwa nikituma wasifu bila kuitwa kwenye usaili, na kubadilisha mpangilio wake hakukusaidia. Mama mmoja, mhasibu mstaafu, aliuweka kando ya tangazo la nafasi ya msaidizi wa hesabu, akapigia mstari kila kitenzi cha tangazo, kisha akauliza, "Mwanangu, wanataka mtu wa kulinganisha taarifa za benki na daftari la fedha, wewe umeandika 'nilishiriki shughuli za uhasibu'. Ulifanya nini hasa?" Nilipomweleza, tuliandika: "Nililinganisha taarifa za benki za akaunti 3 na daftari la fedha kila mwisho wa mwezi, nikifuatilia hundi ambazo hazijalipwa." Kitenzi cha tangazo kilitangulia, idadi ikafuata. Kuandaa mishahara, ambako tangazo lilikutaja lakini sikuwahi kukufanya, tulikuacha. Niliitwa, swali la kwanza lilihusu hundi hizo.