Barua kwa mama wa bi harusi

Mwaka 2017, nikiwa na kiduka changu cha kutengeneza picha na mabango pale Mlandege, mama mmoja mjane aliniletea picha ya harusi ya bintiye. Ilipigwa Forodhani jioni: bi harusi katikati, ubavuni ami yake aliyemuozesha. Alitaka nitoe uso wa ami, niweke wa marehemu mumewe. Uso huo alinitumia kwa simu. Ilikuwa picha ya paspoti iliyopigwa tena picha mezani.

Nilijaribu usiku kucha. Kumwambia uso kwa uso niliona nitababaika, nikamwandikia. Nakala ninayo hadi leo.

"Assalaam alaykum, mama. Jaribio langu hili hapa, litazame mwenyewe. Anza na pua. Ami amepigwa na jua la magharibi kutoka kushoto, kwa hiyo pua yake imetupa kivuli kwenye shavu la kulia, na kidevu kimetupa kingine kwenye shingo ya kanzu. Baba alipigwa kwa taa ya mbele. Uso wake hauna kivuli popote. Nikiubandika, mashavu yote yanang'aa sawa, na chini yake kanzu imebeba kivuli cha kidevu cha mtu mwingine. Kivuli naweza kukichora, lakini nitakuwa nakisia pua ya mumeo, na wewe uliyeishi naye utajua papo hapo kuwa si yeye.

Halafu ami kageuka kidogo, sikio moja tu ndilo linaloonekana. Baba kaitazama kamera sawasawa, na ule ubavu wa uso ninaouhitaji haumo kwenye picha yake. Tena uso wake una pikseli 180 tu kwenda juu, wa ami una 700. Nikiukuza karibu mara nne utafanya ukungu, katikati ya watu ambao hata nyuzi za kofia zao zinahesabika.

Kama ipo picha yake ya nje, jua likitoka kushoto, niletee ile ya karatasi yenyewe niiskani. Kama haipo, nitaisafisha hii ya paspoti niichape ndogo, ikae kando ya picha ya harusi ndani ya fremu moja. Au bi harusi avae tena, aishike picha ya baba mikononi, niwapige palepale Forodhani. Mimi ningechagua hilo la mwisho, kwani mwanga utawaangukia wote wawili sawa. Na ami abaki, mama. Yeye alikuwepo."

Siku tatu kimya. Ya nne akaja na bintiye, wameikubali ile ya mwisho. Nikaiskani ile paspoti yenyewe kwa 600 dpi, nikaichapa ukubwa wa kiganja. Forodhani kioo cha fremu kilirudisha mbingu tupu, baba haonekani. Nikakitoa, bi harusi akaishika fremu bila kioo, usawa wa kifua. Nilipokuwa naipima kamera, mama akamwita ami naye aje asimame.